Vitz, Premio au Crown? Ukubwa wa gari la Japani kabla hujatuma pesa

Chukua cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje, kile kinachokuja pamoja na hati ya shehena, uangalie sehemu ya upana. Vitz ya mwaka 2012: sentimita 169. Premio ya mwaka huohuo: 169. Noah ya kawaida yenye safu tatu za siti: 169 pia. Unaweza kudhani karani amenakili tu, lakini sivyo. Magari yote matatu yana upana wa milimita 1695, na cheti hakiandiki milimita zinazobaki. Yamefanana kwa sababu kwa sheria ya Japani, gari likizidi upana wa mita 1.70 linahama daraja.

Madaraja yenyewe ni matatu. La chini ni kei: urefu usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, kimo mita 2, na injini isizidi cc 660. La kati Wajapani huliita namba 5, kutokana na tarakimu ya kwanza iliyo juu kwenye pleti: urefu mpaka mita 4.70, upana 1.70, kimo 2, na injini ya petroli mpaka cc 2000. Gari likivuka kipimo chochote kati ya hivyo, hata kimoja tu, linakuwa namba 3. Mpaka mwaka 1989 namba 3 ilikuwa na kodi kubwa ya kila mwaka, ndiyo maana viwanda vilijifunza kubana magari ndani ya sentimita 169. Baadaye kodi ikaanza kufuata injini badala ya bodi, lakini barabara na maegesho ya Japani hayakupanuka, na wateja wengi waliendelea kutaka namba 5.

Kwingine wanapima vinginevyo. Tume ya Ulaya hutumia herufi, A kwa magari madogo ya mjini, B, C, D, kisha E kwa yale ya wakubwa na F kwa ya kifahari, lakini haikuweka sentimita za kutenganisha herufi moja na nyingine. Ni makundi ya soko: gari linawekwa pamoja na yale linaloshindana nayo kwa wateja. Wamarekani wao, katika orodha yao ya serikali ya matumizi ya mafuta, hupima nafasi ya ndani, ya abiria na ya buti kwa pamoja. Kwa kipimo hicho Honda Accord imewahi kuandikwa gari kubwa, wakati wauzaji wote wanaiita ya kati. Kwa hiyo muuzaji wa yadi akikwambia "hili ni gari la kati", muulize kati ya yapi.

Forodha ya kwetu hata haiulizi urefu. Tanzania ushuru wa bidhaa wa gari dogo hufuata injini: mpaka cc 1000 ni sifuri, kutoka hapo mpaka 2000 ni asilimia 5, na juu yake asilimia 10. Kenya mpaka unaowahusu wanunuzi wengi uko kwenye cc 1500, na gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa. Bodi unailipia mahali pengine, kwenye meli, kwa sababu nauli hupigwa kwa mita za ujazo. Vitz ni karibu 9.9, Premio 11.5, Crown inakaribia 13.

Kwa familia ya watu wanne au watano inayoishi mjini na kusafiri kwenda mkoani mara chache kwa mwaka, mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza: namba 5 ndefu yenye injini ya 1.5 (Axio, Fielder, Premio, Allion)

Premio ina urefu wa sentimita 459, Vitz ya 2012 ina 388, na upana ni uleule. Maana yake ukihama kutoka Vitz kwenda Premio hununui nafasi ya mabega. Watu watatu wazima siti ya nyuma watabanana karibu sawasawa katika magari yote mawili. Unachonunua ni magoti na buti, yaani sentimita 71 zilizogawanywa kati ya miguu ya abiria wa nyuma na masanduku. Ukitaka kuthibitisha, mweke dereva mrefu mbele, arekebishe siti yake kama anavyoendesha siku zote, kisha ukae nyuma yake. Usikubali kukaa nyuma ya siti ambayo muuzaji ameshaisogeza mbele.

Premio ina injini tatu, na msimbo wa bodi ndio unaosema ukweli: NZT260 ni cc 1496, ZRT260 ni 1797, ZRT261 ni 1986. Zote ni namba 5, na Tanzania zote tatu ziko kwenye asilimia 5 ileile. Anayekwambia ya 1.8 imeruka daraja la ushuru anachanganya na Kenya, ambako ni ile ya 1496 pekee inayobaki chini ya mstari. Kinachoweza kutofautiana Tanzania ni thamani ambayo TRA imeiwekea kila moja, maana wao hutoza kwa thamani ya mfumo wao na si lazima wafuate ankara yako. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo chao kabla ya kukubaliana bei.

Toyota iliacha kuunda Premio na Allion mwaka 2021. Corolla mpya ya 2019 imepanuka hadi milimita 1745, hivyo Japani ni namba 3, ila Toyota iliendelea kuunda Axio na Fielder za 1695 sambamba nayo. Mwenye mizigo achukue Fielder. Bei yake huwa ya juu kuliko inavyostahili kwa mtazamo wangu, lakini siku ya kuuza utairudisha.

Ya pili: namba 5 fupi (Vitz, Passo, IST, Fit)

Hapa ndipo cc 1000 zinapofanya kazi. Vitz ya KSP130 ina cc 996, na NSP130 ina 1329, ndani ya bodi moja. Tuchukue kwamba TRA imeithamini kila moja shilingi milioni 10, pamoja na nauli na bima. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaipeleka kwenye milioni 12.5. Ya 1.3 inaongezwa asilimia 5, yaani 625,000, na VAT ya asilimia 18 juu ya hiyo inafikisha 737,500. Ya 1.0 hailipi hata senti ya hapo. Tozo nyingine ndogondogo nimeziacha.

Lakini gari hilohilo likiwa limezidi miaka 10 tangu lilipoundwa, kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Juu ya milioni 12.5 ni 3,750,000, na ukiweka VAT ni 4,425,000. Ni mara sita ya kile ulichookoa kwa kuchagua injini ndogo. Kati ya miaka 8 na 10 ni asilimia 15. Kwa hiyo ukiwa na bajeti ya kubana, anza na mwaka wa kuundwa, halafu ndiyo uje kwenye injini. Watu wengi hufanya kinyume, na wanashangaa bandarini.

Ya 1.0 yenye mitungi mitatu inatosha kabisa kwa mjini. Kwa anayepanda Kitonga na watu wanne na mizigo, huku kiyoyozi kimewashwa, nashauri 1.3.

IST inahitaji neno lake. Ya zamani, NCP60 na NCP61, ni namba 5. Ile ya kuanzia 2007, NCP110, ina upana wa milimita 1725, basi Japani ni namba 3, daraja moja na Crown, ingawa injini ni 1.5 na urefu ni sentimita 393 tu. Ulaya gari hilohilo liliuzwa kama Urban Cruiser, likahesabiwa B, miongoni mwa magari madogo. Ukiona tangazo la "namba 3" kwa bei ya IST, usidhani umeokota dodo. Ni sentimita mbili na nusu za upana, basi, japo bodi pana kidogo inafanya ikae vizuri zaidi barabarani kuliko ile ya zamani.

Ya tatu: namba 3 za wakubwa (Mark X, Crown)

Kwenye mnada wa Japani Mark X ya zamani inaweza kuuzwa bei inayokaribia ya Vitz. Sababu iko hukohuko: kodi yao ya kila mwaka inapanda kwa injini, na gari la petroli likipita miaka 13 linaongezewa nyingine juu yake. Mwenye gari anataka liondoke. Wewe unalipokea likiwa na cc 2499, yaani asilimia 10, na kwa umri wake asilimia 30 ya uchakavu. Linafika kwa bei rahisi na linaingia kwa bei kali.

Utamu wake siukatai. Kwa safari ya Dar kwenda Dodoma, hakuna katika orodha hii kinachofanana na Crown kwa utulivu. Ila urefu wake ni sentimita 487 na upana 179, kwa hiyo pima geti lako kwanza, na uone kama unaweza kukata kona ya uchochoro wenu bila kurudi nyuma. Injini ina mitungi sita, kila fungu la plagi na koili linanunuliwa kwa sita. Ninaiweka ya tatu kwa anayesafiri sana na ana fundi wa uhakika. Kwa anayekwenda Kariakoo na kurudi kila siku, aishie ya pili.

Ya mwisho: kei

Ushuru wa bidhaa sifuri, nauli ya meli ndogo, mafuta kidogo. Kwenye karatasi inashinda zote. Kinachoishusha ni mambo mawili. Kwanza imeandikishwa Japani kwa watu wanne, na upana wa sentimita 147 unakwambia kwa nini: mtu wa tano hana pa kukaa. Pili ni spea. Kirikuu, ile Suzuki Carry ya mizigo, ina spea na mafundi kila kona kwa sababu ziko nyingi, lakini ya kutembelea kama Wagon R au Tanto haina bahati hiyo. Kabla hujatuma pesa, nenda duka la spea na msimbo wa bodi mkononi, uulize taa ya mbele, kioo cha mlango na mkanda wa giaboksi. Wakikujibu "tunaagiza", uliza siku ngapi, na wakuandikie bei.