Uzoefu wangu: kusafisha katikati ya nyusi kwa kibano, Bukavu

Kama nywele zako ni nene na nyeusi kama zangu, kazi ya kibano niliyofanyiwa kwenye saluni ndogo ya Kadutu naipa nyota nne kati ya tano. Nyusi zangu huungana juu ya pua. Saluni ya zamani walikuwa wananipitishia wembe, nao hukata nywele usawa wa ngozi na kuiacha na ncha butu. Haipiti muda, kivuli cheusi kimerudi, na ukipapasa panakwaruza.

Mama wa Kadutu alianza kwa kupima. Wengi husimamisha penseli ubavuni mwa pua, lakini kwenye pua pana penseli hiyo inapita mbali na kona ya jicho, na ukiifuata unabaki na uwanja mtupu, uso kama umeshtuka. Yeye aliisimamisha kwenye kona ya ndani ya jicho, akatia nukta nyeupe kila upande. "Mwanangu, kati ya nukta hizi ni kazi yangu. Huko kwingine sigusi."

Akanikandia kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akapangusa kibano kwa spiriti, akanyoosha ngozi kwa vidole viwili. Aling'oa nywele mojamoja, akiishika karibu na shina na kuivuta kuelekea inakoota. Ukiivuta kinyume, nywele nene hukatikia ndani, kisha ikijikunja inaota chini ya ngozi: kipele kwanza, doa jeusi baadaye.

Kilichonifurahisha ni pembezoni. Alianzia katikati kabisa, na alipokaribia nukta akawa anang'oa moja anaacha moja, ili nyusi ianze kwa wepesi. Nta haiwezi hilo, kwa sababu inabeba kila kitu na kuacha ukingo kama ukuta. (Nta anayo, ila anauliza kwanza kama unapaka krimu ya kung'arisha, maana ngozi iliyolainishwa na krimu hizo huweza kuchubuka nayo.)

Kila baada ya muda alinikalisha wima, akarudi nyuma kutazama. Nyusi yangu ya kushoto mwanzoni nywele zinasimama, ya kulia zimelala kuelekea sikio, kwa hiyo kulia palionekana pamefyekwa zaidi ingawa nukta zililingana. Akaacha vinywele vichache ndani ya nukta ya kulia, na macho yakaona sawa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mwishoni alitaka kujazia kwa penseli nyeusi tii, ambayo ingerudisha ule ukuta. Nilikataa, hakununa. Wekundu uliisha jioni ile ile. Vinywele vya kwanza hurudi baada ya wiki mbili hivi, na hivyo navitoa mwenyewe, vya katikati kabisa tu.

Nililipa franka 5,000. Nendeni asubuhi, anafanyia kazi mlangoni kwenye mwanga wa jua. Umeme ukikatika jioni, msikubali afanye kwa tochi ya simu.