Uzoefu wangu: akaunti "ya akiba" iliyonikata 1,997 kwa miezi sita

Nianze na hesabu yenyewe maana ndiyo iliyonitoa usingizini. Kuanzia Mei mpaka mwisho wa Oktoba 2025 niliweka benki shilingi 22,400, nikatoa 6,000, kwa hivyo nilitegemea nikute 16,400. Nikakuta 14,403. Hakuna aliyeniibia, simu sikupoteza, namba ya siri sijampa mtu. Ni makato tu, ya shilingi tano, ya moja, ya thelathini, ya sita, yale ambayo ukiyaona moja moja unasema aah hii ni nini bwana, unaendelea na kazi zako.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Likoni. Akaunti niliifungua 2023 na nilimwambia yule kijana wa benki kwa mdomo wangu kwamba nataka akaunti ya akiba, ya karo ya watoto, siyo ya biashara. Akanijazia fomu, nikatia sahihi pale aliponionyesha, basi. Kila siku ya kazi nikifunga kibanda nampitishia wakala wa benki aliye jirani shilingi 200, kwake kuweka ni bure kwa hivyo nikawa najiona mjanja, pesa hailali nyumbani na chaji silipi.

Sasa mwezi wa kumi ukiisha nikaomba stetimenti ya miezi sita kwa simu, ikaja PDF, bure. Nikachukua kalamu nyekundu na daftari la vipimo vya wateja nikaanza kupanga makato kwa jina lake, kila jina na safu yake. Hii kazi ilinichukua jioni mbili lakini ukishaipanga hivyo kila kitu kinaanza kujieleza chenyewe.

La kwanza ambalo ni rahisi ni lile la kila mwisho wa mwezi, limeandikwa `ACCT MAINT FEE` 100.00 na chini yake `EXCISE DUTY` 20.00. Hii ya chini ndiyo ushuru wa serikali, benki inakusanya tu inapeleka KRA, na tangu 2018 ni asilimia 20 ya ada (zamani ilikuwa 10). Kwa hivyo ukiona kamstari kadogo kasicho na maelezo, angalia mstari wa juu yake, gawanya kwa tano, kama inalingana basi huo ni ushuru wa ile ada ya juu na siyo ada nyingine. Mimi nilikuwa nadhani nakatwa vitu viwili na vitu vitatu kumbe ni kimoja na mkia wake. Haya, 120 mara miezi sita ni 720.

La pili ni `LEDGER FEE`, ada ya leja, 30.00 na mkia 6.00. Jina linatisha lakini maana yake ni ada ya kuandikiwa muamala kwenye kitabu cha akaunti, jina limebaki tangu enzi za vitabu vikubwa vya kuandika kwa mkono na sasa kompyuta inaandika lakini ada ipo. Benki nyingine huhesabu kila muamala, yangu inahesabu kutoa tu. Nilitoa mara nne kwa kaunta, 36 mara nne, 144. Sikulalamika sana hapo.

Lililonikata maini ni la tatu. `SMS CHG` 5.00, `EXCISE DUTY` 1.00. Shilingi sita kwa kila meseji, na meseji inakuja kwa kila muamala, hata wa kuweka. Nikahesabu kwa kidole, zikaja 118. Nimeweka mara 108, nimetoa mara nne, na zile sita zilizobaki mnajua ni za nini? Ni meseji za kunijulisha kwamba nimekatwa ada ya mwezi. Yaani nakatwa 120 halafu nakatwa sita nyingine ya kuambiwa nimekatwa, jamani.

118 mara sita ni 708, karibu sawa na ada ya mwezi ya miezi sita yote. Na ukiiangalia vizuri, kwenye 200 ninayoweka, sita inaondoka, hiyo ni asilimia tatu, kabla pesa haijakaa hata usiku mmoja. Kule kujinyima kwangu kila siku ndiko kulikokuwa kunanigharimu, ningeweka elfu moja kila Ijumaa ningelipa meseji moja badala ya tano. Hili hakuna mtu wa benki aliyewahi kuniambia.

Halafu kulikuwa na mstari mmoja ambao hata kalamu nyekundu haikunisaidia. Tarehe niliyoweka mara ya kwanza mwezi wa Mei, niliweka 1,000, siku hiyohiyo kuna `CHG RECOV` 425.00, halafu ile sita ya meseji, balansi 569. Mia nne ishirini na tano ya nini? Haigawanyiki na 120, haigawanyiki na 36, haina mkia wa ushuru. Nakumbuka siku ile niliiona balansi nikadhani wakala amekosea, nikarudi kugombana naye bure maskini.

Nikaenda tawini. Foleni saa moja na nusu, kijana wa kwanza akaniambia "hizo ni chaji za kawaida za sistimu mama", nikamwambia mwanangu, sistimu haina mfuko, hii pesa imelipia kitu gani. Akaniitia binti mmoja wa meza ya ndani, huyo ndiye wa kumpa nyota zote, akafungua kompyuta akatafuta mpaka akaipata. Kumbe Januari nilipotoa karo ya mtoto mkubwa nilibakisha 55, na sikuweka kitu mpaka Mei maana niliugua. Mwisho wa Januari ada ya 120 ikaja ikakuta 55, ikachukua hizo 55 na 65 ikawekwa deni. Februari 120 deni, Machi 120, Aprili 120. Jumlisha 65 na 360, hiyo hapo 425. Deni lilikuwa limenikalia kimya linanisubiri niweke pesa.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho naona watu wengi hawakijui, akaunti ukiiacha na sifuri haijifungi. Inaendelea kuhesabu, na siku utakayotumiwa hela na mtu kwa namba ile ya zamani itamezwa mbele ya macho yako.

Sasa mpwa wangu anayesoma chuo akanionyesha kitu kingine, sheria ya mabenki ya Kenya, kifungu cha 16A, inasema benki haitatoza chaji ya aina yoyote kwenye akaunti ya akiba, wala ile ya kutoa kwa notisi ya siku saba, wala ya muda maalumu. Ya aina yoyote! Nikarudi tawini kifua mbele. Yule binti akanisikiliza mpaka mwisho, akanigeuzia skrini taratibu, akaniambia "mama, hiyo sheria ni ya kweli, lakini hii akaunti yako siyo ya akiba, ni ya miamala, angalia hapa". Na kweli, jina lake lilikuwa tamutamu kama la akiba lakini kwenye aina ya akaunti limeandikwa `TRANSACTION`. Mimi nimeweka akiba miaka miwili kwenye akaunti ambayo si ya akiba. Riba nayo ndiyo maana sijawahi kuona hata senti.

Kwa hivyo ukitaka kujua unasimama wapi usiulize "hii ni ya akiba?", watakwambia ndiyo kwa sababu pesa unaweka. Uliza inalipa riba au hailipi, na kuna ada ya mwezi au hakuna. Kama hakuna riba na ada ipo, hiyo siyo akiba hata wakiipaka rangi gani.

Ada ya mwezi, ya leja na lile deni sikurudishiwa, na kwa haki ya Mungu fomu niliitia sahihi, ada zimo kwa herufi ndogo nyuma. Lakini niliomba kopi ya fomu yangu (hii iombeni, ni haki yako) na pale kwenye kisanduku cha meseji hakuna alama. Sikuchagua meseji. Waliniwashia tu. Nikaandika barua mkono, nikaambatisha stetimenti nimezungushia zile 118 zote kwa nyekundu, nikaacha kopi yangu igongwe mhuri wa kupokelewa. Msiende na maneno matupu, "nakatwa sana" haimfikishi mtu popote, nenda na tarehe, jina la kato kama lilivyoandikwa na jumla yake. Na huo mhuri ni muhimu, maana mkishindwana ukienda Benki Kuu watataka kuona ulianza na benki yako.

Baada ya siku kumi na moja ikaingia `REVERSAL SMS CHG` 590.00. Hiyo ni 118 mara tano. Ile shilingi moja moja ya ushuru, 118, haijarudi mpaka leo, wanasema ilishapelekwa KRA. Nimewaambia kama ada haikuwa halali basi ushuru wake ulitozwa juu ya nini? Bado wanaangalia. Nimeandika barua ya pili.

Pesa zangu nimezihamishia akaunti ya akiba yenyewe, palepale, na ile ya zamani nimeifunga kwa barua, sikuiacha tu. Masharti ya hii mpya ni kubakisha 1,000 wakati wote na kutoa mara moja kwa miezi mitatu bila gharama, riba asilimia tatu kwa mwaka. Siyo pesa ya kutajirika. Desemba 18,000 zangu zilikaa mwezi mzima zikazaa 45.00, chini yake `WHT` 6.75. Nilishtuka kwa mazoea, nikatafuta kalamu, kumbe hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 15 ya riba, huyo ni serikali na anachukua kwenye faida tu, hagusi nilichoweka. Zilizobaki 38.25.

Benki nawapa nyota mbili kwa tano, na hizo mbili ni za yule binti. Mia mbili zangu sasa zinakaa kwenye kopo la vifungo mpaka Ijumaa, naweka elfu moja kwa mpigo, na balansi naangalia mwenyewe.