Nilivyohama seva ya Discord yenye matusi, na hii niliyohamia

Kikosi chetu cha PUBG Mobile ni watu wanne: mimi na mdogo wangu tuko Dar, shoga yangu na kaka yake wako Mombasa. Tunaingia uwanjani karibu kila usiku baada ya saa tatu, na maongezi yote tunayafanyia Discord. Tulikaa miaka miwili kwenye seva moja kubwa, na mwaka huu tumehama. Naandika uzoefu wangu kwa sababu nilipokuwa natafuta pa kwenda, kila mtu aliniambia "soma kanuni zao kwanza", na huo ushauri haukunisaidia kitu.

Ile seva ya zamani ilikuwa na kanuni ishirini na kitu, zimepangwa vizuri. Hakuna matusi, hakuna ukabila, heshimu akina dada. Tatizo lilikuwa kwamba wasimamizi wote watano walikuwa maswahiba wa mwenye seva. Usiku mmoja shoga yangu aliingia kwenye chumba cha sauti, akasalimia tu, jamaa mmoja akaanza kumwigiza sauti na kumtolea maneno machafu. Msimamizi alikuwemo humohumo, namsikia anacheka. Niliandika malalamiko kwenye chaneli yao ya msaada. Baada ya kama dakika kumi ujumbe wangu ulikuwa umefutwa, na msimamizi mwingine akanijibu mbele ya watu, "Dada, kama moyo mwepesi si mahali pako." Yule jamaa hakuguswa.

Nilikasirika sana, lakini sikutoka usiku ule, na nashukuru sikutoka. Watu wengi hawajui kwamba ukibonyeza Leave Server, wewe unatoka lakini maneno yako yanabaki. Kila ulichoandika na kila picha uliyoweka vinaendelea kusomwa na waliobaki, na wewe huwezi tena kurudi kuvifuta kwa sababu huvioni. Mimi niliwahi kuweka namba yangu ya simu mle tulipokuwa tunachangishana pesa za mashindano. Mdogo wangu aliweka picha akiwa na sare ya shule, jina la shule linasomeka.

Kwa hiyo tulianza na usafi. Kwenye sehemu ya kutafuta niliandika hivi, nikiweka jina langu la Discord:

```
from:jina_langu has:image
```

Zikaja picha zangu zote, nikafuta moja moja. Kisha nikatafuta tarakimu za mwanzo za namba yangu, nikaipata mara tatu, mojawapo nimeshaisahau kabisa. Mdogo wangu akafanya vivyo hivyo kwa zake. Ilituchukua jioni nzima. Halafu tukapiga picha za skrini za yale majibu niliyopewa, maana nayo ukishatoka huyaoni tena. Mwisho nikamzuia kwa Block yule jamaa wa matusi na yule aliyenijibu, ili wasije kunifuata kwenye ujumbe wa faragha. Tulikubaliana wote wanne kwenye WhatsApp, tukatoka usiku mmoja bila kuaga. Discord yenyewe haitangazi kwamba fulani ametoka, ingawa seva nyingine zina boti la kutangaza.

Kutafuta mpya kulichukua wiki tatu hivi. Safari hii sikusoma kanuni kwanza. Niliingia, nikakaa kimya siku mbili tatu, nikaangalia mtu akikosea anafanywa nini. Seva mbili niliziacha kwa sababu hiyo tu: kwenye moja watu walikuwa wanatukanana mchana kweupe na hakuna anayesema kitu, kwenye nyingine msimamizi alikuwa anafungia watu kwa hasira, hata aliyeuliza swali la kawaida.

Hii tuliyopo sasa nilianza kuiamini mlangoni. Unasoma kanuni saba, unakubali, halafu unasubiri dakika kumi ndipo uweze kuandika. Ni kiwango cha ulinzi ambacho Discord inakiita High. Dakika kumi zinaonekana usumbufu, lakini mtu anayefungua akaunti ili aje atukane na kukimbia huwa hana subira hiyo.

Siku ya tatu nikaona tukio lenyewe. Kijana mmoja alimwambia mwenzake neno baya la kabila baada ya kupoteza mechi. Haikupita muda msimamizi akampa Timeout ya saa moja, yaani anasoma lakini hawezi kuandika wala kuongea, kisha akaandika kwa wote: neno gani limevunja kanuni ipi, na kwamba akirudia atafungiwa. Saa moja ikaisha, kijana akarudi, akaomba radhi, wakaendelea kucheza. Hakuna aliyemsimanga. Hapo ndipo nikawaita wenzangu.

Kuna jambo lao moja lililonifurahisha mno, na nalijua kwa sababu lilinikuta mimi. Wiki ya pili niliandika "jana tulichambwa vibaya na wale wa Arusha", ujumbe ukazuiwa. Nikauliza, msimamizi wa zamu akanieleza kwa upole. Wanatumia AutoMod, kichujio cha Discord kinachozuia maneno kabla hayajaonekana. Orodha ya maneno inayokuja nayo haikuwasaidia sana kwa matusi yetu, basi wakaandika yao kwa mkono. Kiswahili kinabadilisha maneno mbele na nyuma, kwa hiyo ukiweka `mjinga` peke yake, "wajinga" na "kijinga" yanapita. Ndiyo maana wanaweka nyota pande zote, `*jinga*`, ili mzizi unaswe popote ulipo. Kwa "mbwa" walifanya vilevile, `*mbwa*`, na hapo "tulichambwa" yangu ikanaswa, kama ambavyo "iliimbwa" na "kuumbwa" zingenaswa. Aliondoa nyota palepale, akaniambia nijaribu tena, ikapita. Akasema, "Asante dada, hilo hatukuliona." Nililinganisha na yule wa moyo mwepesi, nikaona nimefika.

Sasa mapungufu. AutoMod inasoma maandishi, haisikii sauti, na matusi mengi ya wachezaji ni ya mdomo katikati ya mechi. Hapa wanategemea msimamizi kuingia chumbani ukimwita. Mpaka saa sita usiku huwa wapo na wanakuja upesi, baada ya hapo unaweza kuita usijibiwe hadi asubuhi, na kwa kuwa maongezi hayabaki popote, inakuwa neno lako na lake. Sisi tukichelewa kucheza tunaingia chumba chenye nafasi nne tu, tukishajaa hakuna mgeni anayeingia. Ni mpangilio wa kawaida wa chumba cha sauti, muombe msimamizi akuwekee.

Pia seva ni ndogo, ukikosa mtu wa nne siku za katikati ya wiki unaweza kungoja nusu saa. Ile ya zamani ulikuwa unapata mtu ndani ya dakika mbili.

Shoga yangu alikaa mwezi mzima anaandika tu, maikrofoni kaizima. Juzi Ijumaa aliiwasha katikati ya mechi, akapaza sauti, "Nyuma yako, nyuma ya mti!" Mtu tusiyemjua tuliyekuwa naye kikosini akajibu, "Nimemwona dada, asante," wakaendelea kupigana.