Suti ya mvua ya pikipiki: kagua kwanza mshono wa msambani

Masika ya Dar hayadai suti ya bei kubwa, yanadai suti isiyovuja msambani. Ukikaa kwenye pikipiki, maji yanateremka kifuani na kutuama katikati ya mapaja, kisha uzito wako unayasukuma kwenye mshono. Kitambaa kinaweza kuwa kizima kabisa na bado ukashuka umelowa kama mtoto. Kwa hiyo dukani geuza suruali ndani nje. Mishono iwe imezibwa kwa utepe uliobandikwa. Ukiona uzi na matundu ya sindano tu, irudishe. Muuzaji akikuruhusu, mimina kikombe cha maji pale msambani, subiri dakika kumi, halafu papasa upande wa pili.

Chaguo langu la kwanza ni koti na suruali za nailoni zenye utando wa kuzuia maji kwa ndani. Ni nyepesi, zinakunjika, na mgongoni koti huwa na tundu la hewa lililofunikwa. La pili ni plastiki nzito. Hiyo mvua haipiti, ila jasho nalo halitoki: ukiendesha kutoka Mbagala hadi Kariakoo unafika umechemka, umechoka, na macho mazito. Tena ikigusa ekzosi inayeyuka. Ovaroli ya kipande kimoja naiweka ya tatu. Haina mwanya kiunoni, lakini jaribu kuivaa kando ya barabara huku umesimama kwa mguu mmoja kwenye tope! Poncho ni ya mwisho, na ni ya kutembelea kwa miguu. Upepo unaipandisha usoni, na pindo likiingia kwenye mnyororo utaanguka.

Saizi ijaribu ukiwa umekaa kwenye pikipiki, magoti yamekunjwa, maana suruali inapanda juu ya kifundo. Mimi niliijaribu nimesimama, nikajua kosa langu siku ya kwanza ya mvua.

Vifuniko vya glavu vinahitaji umakini zaidi, kwa sababu mkono ukilowa na kupigwa upepo vidole vinakuwa vizito na breki unaikamata umechelewa. Chukua vyenye vidole vilivyotengana, au angalau viwili viwili, na ujaribu klachi na swichi ya indiketa hapo hapo dukani. Kimoja kikubwa kama mfuko kinateleza kwenye wenzo. Mkono wa koti ufunike kifuniko, la sivyo maji ya mkononi yanamiminikia ndani ya glavu.

Vya viatu, tazama soli. Plastiki tupu inateleza kwenye kikanyagio na unapoweka mguu chini kwenye taa. Tafuta soli ya mpira yenye meno. Cha kushoto kitatoboka mapema juu ya vidole, pale unapopandishia gia, kwa hiyo penye kiraka kigumu sehemu hiyo ongeza hela kidogo. Gambuti nazo hazivuji, ila ukizoea kuisikia gia kwa mguu zitakusumbua. Suruali ishuke nje ya kifuniko, isichomekwe ndani.