Uzoefu wangu: baruti nyeusi ya FFg kwenye gobore la kaliba 50, na kwa nini ile isiyo na moshi haiingii humo

Nimekuwa nikijaza mwenyewe risasi za rafli ya kisasa kwa baruti isiyo na moshi tangu zamani, na sasa nina msimu mzima wa kulisha gobore langu baruti nyeusi ya daraja la FFg. Makopo ya aina zote mbili yapo kwangu, ila hayakai rafu moja. Kwa kifupi, FFg hii inafanya vizuri kazi iliyotengenezewa, na ningeinunua tena. Ninaandika kwa urefu kwa sababu kila nikitoa gobore uwanjani lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Si zote baruti? Kwa nini usitumie ile isiyochafua?"

Nianze na jinsi inavyofanya kazi. Kipimo changu cha shaba nakifungua hadi alama ya 70, yaani greni 70, ambazo ni kama gramu 4.5. Namimina baruti mtutuni, naweka kitambaa kilichopakwa mafuta, juu yake risasi ya mviringo ya gramu 11 na ushee, halafu naisukuma kwa mdeki mpaka ikalie baruti. Mdeki nimeuchora alama pale unapolingana na mdomo wa mtutu, kwa hiyo najua kama risasi imefika chini au imekwama njiani. Hilo si jambo dogo. Baruti nyeusi haitaki uwazi kati yake na risasi, na risasi iliyoachwa katikati inaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua. Ukifyatua unapata moshi mweupe wa kujaza uwanja, na bega linasukumwa zaidi kuliko kupigwa. Risasi hutoka kwa mwendo wa karibu mita 500 kwa sekunde.

Ninachokipenda kwa FFg ni kwamba haina hasira. Nikipanda kutoka greni 70 hadi 100, mwendo unaongezeka kidogo tu, huku moshi na masizi vikiongezeka sana. Sababu ni kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi hata kidogo. Shura, makaa na salfa vikiungua huacha chumvi za potasiamu, ambazo nyingine hupaa kama moshi na nyingine hubaki zimeganda mtutuni. Gesi ya kusukuma risasi hutoka kwenye nusu ile nyingine, iliyo ndogo. Ndiyo maana mzigo wa kawaida kwenye gobore kama langu hutoa shinikizo la karibu paundi 10,000 kwa inchi ya mraba, wakati rafli ya kaliba 30-06 imewekewa kikomo cha paundi 60,000.

Sasa tuje kwenye kasi ya kuungua, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwaga chembe chache za baruti nyeusi mahali pa wazi, ziguswe na moto, zitalipuka fyuu! na kuisha kabla hujapepesa jicho. Fanya vivyo hivyo kwa ile isiyo na moshi, nayo itawaka kwa ulimi wa manjano, polepole, bila papara. Anayeangalia huondoka akiamini kwamba ya pili ni dhaifu. Kumbe alichokiona ni tabia yake ikiwa nje, pasipo na shinikizo.

Baruti nyeusi huungua haraka hata ikiwa wazi, na ukiifungia kasi yake haibadiliki kwa kiasi kikubwa. Kinachoiongoza hasa ni ukubwa wa chembe, na ndiyo maana ya zile herufi: Fg ni chembe kubwa, FFg ndogo zaidi, FFFg ndogo kuliko hizo, na FFFFg ni laini kabisa, ya kuwekwa kwenye sahani ya bunduki ya jiwe. Baruti isiyo na moshi ni selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, na kasi yake ya kuungua hupanda pamoja na shinikizo, karibu hatua kwa hatua. Shinikizo likiongezeka maradufu, nayo huungua kwa kasi inayokaribia maradufu. Ikiungua hivyo hutoa gesi zaidi, na gesi hiyo huongeza shinikizo tena. Karibu yote hugeuka gesi, hakuna ile nusu inayobaki kuwa chumvi. Kitu pekee kinachoizuia ni risasi kusogea mbele na kuipa nafasi. Watengenezaji wa risasi hupanga aina ya baruti, uzito wake, ganda na risasi ili mbio hizo ziishie chini ya kikomo. Gobore halikuwahi kuwamo katika hesabu hiyo.

Tuchukue kipimo changu kilekile cha shaba, alama ya 70, tukijaze baruti ya vibapa vidogo, ile inayoungua haraka kwenye risasi za marisau. Vibapa ni vyepesi, kwa hiyo kipimo kitabeba kama gramu 2.2 badala ya 4.5. Mtu ataona amepunguza kwa nusu, ataona yuko salama. Lakini risasi ya marisau ya geji 12, yenye gramu 32 za marisau, hutumia kama gramu 1.2 au 1.3 tu za baruti ya aina hiyo, na mtutu wake una upana wa milimita 18.5. Mtutu wa kaliba 50 una milimita 12.7, na tundu lake halifikii hata nusu ya eneo la lile. Kwa hiyo umeweka karibu maradufu ya baruti kwenye tundu la chini ya nusu. Ni kweli risasi ya gobore ni nyepesi kuliko marisau yale, lakini haiwahi kukimbia kabla baruti haijamaliza kuungua. Na kama ungetumia baruti ya vichembe vya mviringo, ambayo hujaa vizuri zaidi, kipimo hichohicho kingebeba uzito unaokaribia ule wa baruti nyeusi yenyewe.

Kinachotangulia kushindwa mara nyingi ni sehemu ya nyuma. Chuchu ya fataki ina tundu dogo linaloelekea ndani ya mtutu, na nyundo ndiyo kifuniko pekee. Shinikizo likizidi, nyundo hurushwa nyuma, fataki husambaratika vipande, na chuchu yenyewe inaweza kung'oka na kumjia mfyatuaji usoni. Kuanzia hapo ni mtutu kupasuka, na mkono wa kushoto ndio ulioushika. Hata kwa anayetumia baruti sahihi, nyundo inayojiinua kila ukifyatua au tundu la chuchu lililolika na kupanuka ni dalili ya kuacha kufyatua na kupeleka gobore kwa fundi.

Kuna mtego mwingine ambao umewanasa watu wazima kabisa. Kwenye maboksi ya risasi za marisau bado utakuta maandishi ya dramu, kwa mfano "3 DRAM EQ". Dramu moja ni greni 27.3, kwa hiyo dramu 3 ni greni 82, gramu 5.3. Maandishi yale hayasemi kilichomo ndani. Yanasema risasi hiyo ina mwendo kama ungepakia dramu 3 za baruti nyeusi nyuma ya marisau ya uzito ule. Ndani kuna kama robo ya uzito huo ya baruti isiyo na moshi. Atakayeyasoma kama maelekezo ya kujaza ataweka mara nne ya kinachotakiwa.

Mwenzetu mmoja uwanjani aliwahi kuniambia anamjua mtu aliyeweka "kidogo tu" ya ile isiyo na moshi na hakuna kilichotokea. Simbishii. Chuma kinaweza kutanuka kidogo, kisirudi, na jicho lisione. Mtutu ulioponea leo si mtutu uleule kesho. Mitutu mingi ya magobore mapya hutengenezwa kwa chuma laini, rahisi kuchongwa, na maandishi "BLACK POWDER ONLY" yamepigwa juu yake. Bunduki kuukuu za Uingereza zilizopimwa kwa baruti isiyo na moshi hupigwa "NITRO PROOF". Isiyo na alama hiyo, mimi naihesabu ni ya baruti nyeusi, haidhuru inang'aa namna gani.

Upande wa uchafu, hapa FFg inapoteza alama kwangu. Baada ya mizunguko michache mdeki unaanza kugoma, kwa hiyo napitisha kitambaa chenye unyevunyevu kati ya fyatuo na fyatuo. Masizi yake ni chumvi, na hunyonya unyevu wa hewa. Ukiuacha mtutu usiku kucha, asubuhi unakuta kutu. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni kidogo, kwani chumvi huyeyuka majini. Kisha ukaushe vizuri na kupaka mafuta. Harufu ya yai viza utakayoisikia wakati wa kuosha ni ya salfa, isikutishe. Mafuta ya mashine usiyapeleke kwenye kitambaa cha kufyatulia, maana yakiungua pamoja na masizi hugeuka kitu kama lami. Nta iliyochanganywa na shahamu inafaa zaidi. Baruti isiyo na moshi huacha kaboni kidogo na mabaki ya shaba ya risasi, ambayo maji hayaigusi na hutaka viyeyushi vyake.

Je, kinyume chake? Baruti nyeusi kwenye rafli ya kisasa haitailipua, lakini ganda dogo lililobuniwa kwa baruti yenye nguvu halina nafasi ya kubeba kiasi cha kutosha, risasi hutoka imelegea, na bunduki inayojipakia kwa gesi hujaa masizi na kukwama mapema. Wafaransa walipata baruti isiyo na moshi mwaka 1884 kwa kazi ya Paul Vieille, na miaka miwili baadaye rafli ya Lebel ilikuwa na mtutu wa milimita 8 badala ya 11 ya zamani. Tundu jembamba kama lile lisingedumu muda mrefu chini ya masizi ya baruti nyeusi.

Baruti mbadala zinazouzwa kwa ajili ya magobore ni kitu kingine, na hizo hupimwa kwa ujazo kufuata maelezo ya kopo lake. Zipo pia bunduki chache za kupakia mdomoni zilizojengwa mahususi kwa baruti isiyo na moshi, zenye mtutu na tako la aina nyingine kabisa. Kama yako ni mojawapo, kitabu chake kitasema hivyo waziwazi, pamoja na aina ya baruti na uzito wake.

Malalamiko yangu kwa kopo hili ni mawili. Chini kabisa nilikuta vumbi jingi, na vumbi huungua haraka kuliko chembe, kwa hiyo la mwisho silimimini kwenye kipimo. Tena karatasi ya jina ilianza kubanduka kabla kopo halijafika nusu. Nimeandika "NYEUSI FFg" kwa rangi moja kwa moja kwenye bati, na baruti yoyote ninayoikuta kwenye chombo kisicho na jina siijaribu kuitambua kwa macho, kwa sababu zote mbili huweza kuwa chembe nyeusi zinazong'aa.