Miezi mitano na mashine ya wenzo ya kufyatua mkaa: gundi tatu, ndoo ya maji na ahadi mbili za fundi

Fundi aliyeniuzia mashine hii aliniahidi mambo mawili. La kwanza, kwamba mkono wa mashine una nguvu ya kutosha kushikamanisha chenga za mkaa kuwa vitonge bila gundi. La pili, kwamba vitonge vyake vinawaka muda mrefu kuliko mkaa wa kawaida, na aliitamka "muda mrefu" kana kwamba hapo ubishi umekwisha. Nikamwamini nusu, nikabeba mashine, na hiyo nusu nyingine nimekuwa nikiipima tangu siku ile.

Yenyewe ni fremu ya chuma yenye kalibu nne za bomba la kipenyo cha sentimita 5. Juu yake kuna pistoni nne zilizofungwa kwa bolti kwenye bamba moja, na mkono mrefu wa kusukuma chini. Kutoka kwenye pini, yaani egemeo, hadi unaposhika ni sentimita 140. Kutoka kwenye pini hadi fimbo ya pistoni ni 14. Kwa hesabu ya darasani, nguvu yako inazidishwa mara 10. Ukikandamiza kwa uzito wa kilo 30, chini zinafika 300.

Sikutaka hesabu ya darasani. Niliweka mizani ya kujipimia uzito chini ya pistoni, nikaushusha mkono taratibu mpaka ukalala wenyewe. Mizani ikasoma kilo 34 kabla sijagusa kitu. Huo ni uzito wa mkono mtupu. Kisha nikatundika ndoo ya kilo 5 mwishoni mwa mkono, na mizani ikaongezeka kilo 46 badala ya 50. Kwa hiyo wenzo wangu unazidisha mara 9.2, na kiasi kidogo kinapotelea kwenye msuguano wa pini. Fundi hakunidanganya hapo: ukijumlisha uzito wa mkono, mtu anayesukuma kilo 30 anapata kama kilo 310.

Tatizo ni kwamba kilo 310 hizo zinagawanywa kwa pistoni nne. Kila kitonge kinapata chini ya kilo 80 juu ya uso wa sentimita za mraba 19.6, ambayo ni karibu kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba. Hapo ndipo ahadi ya kwanza ilipoanza kunitia shaka.

Nilijaribu chenga na maji matupu. Vitonge vilitoka vizuri, vyeusi, vinang'aa, nikakaribia kumwomba radhi fundi. Baada ya kukauka, vingine vilimomonyoka mkononi nilipovinyanyua, na vilivyobaki vilisagika kwa uzito wa mkono mtupu wa mashine. Sababu si uvivu wa mashine. Pumba za mbao zinaweza kushikana bila gundi zikibanwa sana na kupashwa joto, kwa kuwa ndani ya mti kuna lignini, kitu kinacholainika kwa joto na kuganda tena kikipoa. Mkaa umekwisha kuchomwa. Lignini yake haipo tena. Chenga za mkaa ni kama mchanga mweusi, na mchanga hauwi tofali kwa kubanwa tu.

Basi gundi. Nilichagua tatu: wanga wa muhogo, udongo wa mfinyanzi na karatasi chakavu. Chenga zote zilipita kwenye chekeche moja la matundu ya milimita 3, ili tofauti itokane na gundi peke yake.

Kwa wanga, nilitumia gramu 300 kwa kilo 5 za chenga kavu, yaani asilimia 6. Nilikoroga wanga kwenye nusu lita ya maji baridi kwanza, nikaumimina kwenye lita 2 na nusu za maji yanayochemka, nikakoroga mpaka rangi ya maziwa ikatoweka na uji ukawa kama kioo kizito. Hatua hii haina njia ya mkato. Wanga usioiva haushiki kitu. Ukikuta vidoa vyeupe ndani ya kitonge kilichovunjika, ujue hukuupika vya kutosha. Mfinyanzi niliuloweka usiku kucha, sehemu 1 kwa sehemu 4 za chenga. Karatasi nilizichana, nikaziloweka siku mbili na kuziponda kuwa rojo, gramu 750 za karatasi kavu kwa kilo 5 za chenga.

Kipimo cha maji ni ngumi. Ukifinya mchanganyiko, ubaki na umbo la vidole vyako na maji yasichuruzike. Ukizidi maji, yatatoka pembeni mwa pistoni yakibeba gundi yako, na kitonge kitapasuka kikikauka. Jambo lingine nililojifunza ni kutouachia mkono haraka. Kitonge kilichobanwa huvimba tena kidogo, hasa chenye karatasi. Nikihesabu hadi kumi kabla ya kuachia, nyufa za mlalo zinapungua sana.

Kuvunja vitonge nilitumia mashine ileile. Nilifungua pistoni tatu, nikaweka kitonge kimoja kikiwa kimesimama chini ya iliyobaki, nikashusha mkono, kisha nikajaza maji kwenye ndoo iliyotundikwa, kikombe baada ya kikombe, hadi nisikie "ta!" na mkono ushuke. Hapo napima ndoo, nazidisha kwa 9.2 na kujumlisha zile 34. Lazima sehemu za juu na chini ziwe bapa. Kitonge chenye nundu kinavunjikia kwenye nundu na kukupa jibu la uongo.

Raundi ya kwanza nilijiharibia mwenyewe. Nilivunja vitonge vya wanga siku ya tatu, vikashindwa kwa wastani wa kilo 58. Vilikuwa vigumu kwa nje, lakini nilipovipasua, kiini kilikuwa baridi na cheusi zaidi ya ganda. Tangu hapo natia alama vitonge vitatu na kuvipima kila jioni. Uzito ukiacha kushuka kwa siku mbili mfululizo, ndipo nasema vimekauka. Kwangu ilichukua siku saba, ya kwanza kivulini ili visipasuke. Vitonge vya kundi lilelile, vikiwa vikavu kweli, vilihimili wastani wa kilo 108. Kuna watu wanailaumu gundi kumbe wana haraka, na nilikuwa mmoja wao.

Vya mfinyanzi vilivunjika kwa kilo 71, ghafla, vipande vikubwa viwili au vitatu. Ukiviangusha sakafuni kutoka usawa wa kiuno, vinafanya hivyohivyo, kwa hiyo vya kusafirisha kwenye gunia visiwe hivi. Vya karatasi vilinichekesha. Havikuvunjika hata kidogo; vilididimia polepole kama sponji, na nyuzi za karatasi zikashikilia kila kitu. Vikianguka vinadunda. Lakini kitonge cha karatasi kina gramu 55 wakati cha wanga chenye ukubwa uleule kina 80, na hewa hiyo ya ndani unakuja kuilipa jikoni.

Nikajiuliza: vipi ningefyatua kwa pistoni moja tu, ili kilo zote 310 ziangukie kitonge kimoja? Shinikizo likawa mara nne, karibu kilo 16 kwa sentimita ya mraba. Vya wanga vilipanda kutoka 108 hadi 141. Ni nyongeza nzuri, lakini tazama ulinganisho: mchanganyiko wenye asilimia 3 ya wanga, kwa pistoni nne, ulivunjika kwa 48. Yaani kurudufisha gundi kulizidisha uimara zaidi ya mara mbili, ilhali kuzidisha nguvu mara nne kuliongeza chini ya theluthi. Ukiwa na mashine ya mkono, uimara unaupika kwenye sufuria kuliko unavyousukuma kwa mikono.

Sasa ahadi ya pili. Nilichoma gramu 500 za kila aina kwenye jiko lilelile, nje penye hewa, juu yake sufuria isiyo na mfuniko yenye lita 2 za maji. Niliandika muda wa kuchemka, muda ambao makaa yaliendelea kuwa mekundu, na mwisho nikapima maji yaliyopotea kwa mvuke. Hiki cha mwisho ndicho kinachoonyesha joto lililofika kwenye sufuria.

Vya mfinyanzi vilishinda kwa muda: saa 2 na dakika 50, dhidi ya saa 2 na dakika 5 za wanga. Fundi angeishia hapo na kupiga makofi. Lakini maji yalichemka baada ya dakika 31, wakati kwa wanga ilikuwa 19, na mvuke uliopotea ulikuwa gramu 700 dhidi ya 1,050. Vimewaka dakika 45 zaidi na kutoa mvuke pungufu kwa theluthi nzima. Ukifikiri, haishangazi. Moja ya tano ya kitonge ni udongo usiowaka, na unapobaki unatengeneza ganda la kijivu linalozuia hewa isifikie mkaa wa ndani. Ukilikwangua ganda hilo kwa kijiti, moto unafufuka. Majivu yalikuwa gramu 140. Ya wanga yalikuwa 57. Kwa kitu cha kuachwa kichemke polepole mchana kutwa, mfinyanzi una kazi yake. Kwa anayetaka kuchemsha haraka, dakika zake ni za kujidanganya.

Karatasi iliwahi kuchemsha, dakika 16, kwa miali na moshi mwingi mwanzoni, kisha ikafifia baada ya saa 1 na dakika 20. Mvuke ulikuwa gramu 820. Naitumia kuwashia tu.

Kuhusu mashine yenyewe, nimebadilisha pini ya egemeo mara moja. Iliyokuja nayo ilikuwa bolti laini, na baada ya miezi miwili tundu lake lilikuwa limerefuka kama yai, mkono ukawa unacheza na pistoni zinaingia upande na kukwangua kalibu. Sasa ina bolti nene yenye washa pande zote, na ninaitia grisi kila wiki. Miguu ya nyuma nayo inanyanyuka ukisukuma kwa nguvu, kwa hiyo nimeiwekea juu mifuko miwili ya mchanga.

Nafanya kazi na wanga wa asilimia 6 na pistoni nne, nikihesabu hadi kumi kila nikibana. Kinachobaki kunisumbua ni mvua. Wanga hupenda maji kuliko unavyopenda mkaa. Kitonge kilichonyeshewa usiku mmoja nilikikuta asubuhi kimekuwa uji mweusi, na vilivyokaushwa taratibu mno kwenye unyevunyevu viliota ukungu mweupe. Vyangu viko juu ya chanja, ndani, mbali na ukuta.