Kipimo cha usikivu chenye kifaa cha mfupa: uzoefu wangu, na kwa nini hedifoni peke yake haitoshi

Huduma ninayoizungumzia ni kipimo kamili cha usikivu kwenye kliniki moja ya binafsi, Dar es Salaam. Tulikwenda wawili, mimi na mjomba wangu, kila mmoja na karatasi aliyopewa kwenye banda la kupima masikio bure. Karatasi zote mbili zilisema neno lilelile: sikio la kulia, wastani wa desibeli 45, usikivu umepungua, nunua mashine ya kusikia. Mashine zenyewe zilikuwa pale pale mezani, zinauzwa. Kliniki ililipisha Sh 60,000 kwa kichwa, na kila mmoja wetu alikaa humo kama dakika 50. Tulipotoka, 45 yangu na 45 ya mjomba zilikuwa matatizo mawili tofauti kabisa, na tiba zake haziingiliani.

Sababu ni hii. Sauti hupita hatua mbili kabla hujaisikia. Kwanza inaingia kwenye tundu la sikio, inatikisa kiwambo, na kiwambo kinavisukuma vifupa vitatu vidogo vilivyo nyuma yake. Hapo kazi ni ya kupitisha tu. Hatua ya pili iko ndani zaidi, kwenye koklea, kile kiungo kilichojikunja kama konokono, ambako mtikisiko unageuzwa kuwa ishara inayosafiri kwa neva hadi kwenye ubongo. Nta iliyoziba, kiwambo kilichotoboka, maji nyuma ya kiwambo au vifupa vilivyogandamana vinaharibu hatua ya kwanza, na huo ndio upungufu wa upitishaji. Uzee, kelele za miaka mingi, homa ya uti wa mgongo na dawa kama gentamisini au streptomaisini huharibu hatua ya pili. Huo ni upungufu wa koklea na neva. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili katika sikio moja.

Hedifoni inapitisha sauti kwenye hatua zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo inakuambia umepoteza kiasi gani, lakini haiwezi kukuambia umepotezea wapi. Cha kutenganisha ni kile kifaa kidogo kama kipande cha sabuni kinachobanwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Kinatikisa fuvu lenyewe, sauti inafika kwenye koklea bila kupita kwenye kiwambo wala vifupa. Ukisikia vizuri kwa mfupa na vibaya kwa hedifoni, koklea ni nzima na kizuizi kiko njiani. Ukisikia vibaya kwa vyote kwa kiwango kilekile, njia ni safi na tatizo liko ndani.

Naweka namba za masikio yetu ya kulia, maana bila namba haya yanabaki maneno tu. Zinafuatana kwa hezi 500, 1000, 2000 na 4000, yaani kutoka sauti nzito kwenda nyembamba, na kadiri namba ya desibeli inavyopanda ndivyo usikivu unavyokuwa mbaya. Mimi kwa hedifoni: 50, 45, 40, 45. Mjomba: 25, 35, 50, 70. Jumlisha ugawe kwa nne, kila mmoja anapata 45. Sasa kwa mfupa: mimi 5, 10, 15, 10. Mjomba 25, 30, 50, 70. Kwangu kuna pengo la wastani wa desibeli 35 kati ya mstari wa hedifoni na wa mfupa. Kwa mjomba hakuna pengo la maana. Tofauti ya desibeli 5 sehemu moja ni ya kawaida katika upimaji.

Ukitazama audiogramu yenyewe, yaani mchoro wa namba hizo, sikio la kulia kwa hedifoni huchorwa kwa duara jekundu na la kushoto kwa X ya bluu. Alama za mfupa ni < kwa kulia na > kwa kushoto, au [ na ] kama sikio la pili lilizibwa kwa mvumo wakati wa kupima. Karatasi yenye duara na X tu ni nusu ya kipimo. Hivyo ndivyo zilivyokuwa zile za bandani.

Huo mvumo ni jambo ambalo wengi hulalamikia (“walinipigia kelele sikioni”), na ndilo nililolipenda zaidi kwenye huduma hii. Kifaa cha mfupa ukikibana nyuma ya sikio la kulia hakitikisi upande wa kulia peke yake. Fuvu zima linatikisika, na koklea ya kushoto inasikia karibu sawasawa. Kwa hiyo sikio lililokufa kabisa linaweza kuonekana kama lina koklea nzima, kwa sababu jirani yake ndiye anayejibu. Kosa hilo linaweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji usio na faida yoyote. Fundi wetu alinipima tena sikio la kulia huku la kushoto likizibwa kwa mvumo, akaandika [ kwenye karatasi. Alinitaka pia nisogeze kilemba, maana kitambaa au msuko ukikaa chini ya kifaa, au kifaa kikigusa ukingo wa sikio, namba zinapotoka.

Kabla ya yote alitazama ndani kwa tochi ya sikio, kisha akafanya timpanometri: kizibo laini kinaingizwa, hewa inasukumwa na kuvutwa kidogo, mashine inachora jinsi kiwambo kinavyocheza. Ya mjomba ilichora kilima, yaani aina A, kiwambo kinacheza vizuri. Yangu ilichora mstari bapa, aina B, na ujazo wa tundu la sikio ukasoma mililita 4.2, wakati sikio la mtu mzima kwa kawaida halizidi mililita 2 au hapo karibu. Ujazo mkubwa namna hiyo maana yake hewa inapita tundu la kiwambo na kuingia nyuma yake. Mstari bapa wenye ujazo wa kawaida ungeashiria maji.

Sasa tiba. Kwa sikio langu mstari wa mfupa ndio dari: upasuaji wa kuziba kiwambo kwa utando unaotolewa juu ya sikio unaweza kuuvuta mstari wa hedifoni uukaribie ule wa mfupa, lakini si kuupita. Dari yangu iko kwenye 10, kwa hiyo kuna cha kupata. Sharti la kwanza ni sikio kukaa kavu: pamba yenye mafuta mazito ya kupaka wakati wa kuoga, hakuna kuogelea, hakuna kumwagia maji ya kuoshea nta. Na hapa kuna onyo ambalo kliniki ilinipa bila kuulizwa, ikapata alama kwangu: likitoa usaha, nisinunue matone yenye gentamisini. Kwenye kiwambo kilichotoboka dawa hiyo inaweza kufika ndani na kuumiza koklea, nikageuza tatizo linalozibika kuwa lisilozibika. Matone ya siprofloksasini hayana hatari hiyo. Ile mashine ya bandani ingenisaidia kusikia, sikatai, kwani sikio lenye koklea nzima hufurahia sauti ikiongezwa tu. Lakini kizibo chake kingefunga unyevu ndani na usaha ungerudi. Asiyeweza kupasuliwa ana mashine inayotumia mfupa, ambayo inaliacha tundu la sikio wazi.

Kwa mjomba hakuna cha kusafisha wala kushona. Vinyweleo vya koklea vilivyokufa havioti tena, na matone yoyote atakayouziwa yatalowesha tundu tu. Dawa yake ni mashine, ila si mashine yoyote. Angalia namba zake tena: kwenye 500 anakosa kidogo, kwenye 4000 anakosa sana. Sauti nzito anazisikia, nyembamba kama s, sh na f zinapotea. Ndiyo maana anasema “nasikia ila sielewi”, na “shika” kwake inakuwa “fika”. Kile kikuza sauti cha bei rahisi kinachoongeza kila kitu kwa kiwango kimoja kinampigia ngurumo za magari kichwani na bado hakimfikishii sh. Tena koklea iliyochoka ina tabia ya ajabu: sauti ndogo haisikiki, ikiongezwa kidogo tu inauma. Anahitaji mashine inayorekebishwa kwa kila masafa peke yake, na inayobana sauti kubwa zisipite kiwango. Hata hivyo ana kikomo. Kwenye kipimo cha maneno, sauti ikiwa imepandishwa vya kutosha, mimi nilirudia yote sawa. Yeye alipata 18 kati ya 25. Mashine itamfikishia maneno, haitamrudishia usafi wa koklea ya ujana. Alitarajia zaidi, na ni vizuri aliambiwa kabla ya kulipa.

Kuna aina moja ya upungufu wa koklea isiyosubiri miadi. Sikio moja likizima ghafla, ndani ya siku moja mpaka tatu, bila maumivu wala usaha, watu hudhani ni nta na kudondoshea mafuta wiki nzima. Jaribio la kwanza la nyumbani: funga mdomo uvumishe “mmm” kwa sauti nzito. Mvumo ukienda upande wa sikio baya, huenda njia imeziba. Ukienda upande wa sikio zima, shuku koklea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. (Ziba sikio moja kwa kidole uvumishe sasa hivi, utaona mvumo unahamia kwenye lililozibwa.) Daktari akithibitisha, tiba ni prednisoloni, mara nyingi miligramu 60 kwa siku kwa mtu mzima kisha inapunguzwa. Nafasi ni nzuri zaidi ikianza ndani ya wiki mbili. Mwenye kisukari aseme mapema, dawa hiyo hupandisha sukari. Jaribio la mvumo halifai kama masikio yote yamepungua sawa, na haliondoi haja ya kupimwa.

Kasoro za huduma: feni ya chumba cha pili ilisikika mpaka ndani, na kelele nzito za aina hiyo huharibu kwanza namba ya hezi 500. Fundi aliizima nilipomwambia, lakini ilipaswa iwe imezimwa. Maneno ya kurudia aliyasoma mwenyewe kwa mdomo badala ya kutumia rekodi, kwa hiyo matokeo ya 18 kati ya 25 siwezi kuyalinganisha kwa uhakika na ya kituo kingine. Na nakala za audiogramu walitupa baada ya kuziomba. Ziombeni, kwa sababu daktari wa upasuaji na fundi wa mashine wote wataanza na mstari wa mfupa.

Nyota nne kati ya tano. Mjomba amepangiwa kurudi baada ya wiki tatu kurekebishiwa mashine kwenye hezi 4000. Mimi nasubiri sikio likauke.